Mtandio wa hariri, maji ya chumvi na yale maduara meupe

"Shikamoo mama. Mimi ni mwalimu, naishi Nkuhungu, Dodoma. Mama mkwe alinipa mtandio wa hariri, zambarau wenye pindo jeupe. Nimeufua mara moja tu, kwa sabuni ya mche na maji ya kisima, nikauanika juani. Umekauka na maduara meupe kama ramani, umekuwa mkavu kama karatasi na zambarau imefifia. Nina mwingine wa reyoni, sasa naogopa hata kuulowanisha. Nilikosea wapi, na huu wa kwanza unaokoleka?"

Marahaba mwanangu. Leo usiurudishe kwenye maji wala usiupige pasi. Najua mkono unawasha kuunyoosha, lakini pasi ya moto juu ya sabuni iliyobaki kwenye uzi huuletea umanjano, na umanjano huo ni kazi kubwa kuutoa kuliko hayo maduara. Ukunje kwenye kanga safi, uuweke, tuelewane kwanza.

Jambo la kwanza ni kuhakikisha kwamba ni hariri kweli. Simtilii shaka mama mkwe wako. Ila hapa mjini kila kitambaa kinachoteleza huitwa hariri, na mitandio mingi ninayoletewa kwa jina hilo ni satini ya poliesta. Kwenye pindo, mahali pasipoonekana, chomoa nyuzi mbili kwa sindano: moja inayokwenda urefu na moja inayokwenda upana, maana kuna vitambaa vilivyofumwa kwa nyuzi za aina mbili. Shika kila uzi kwa kibanio cha chuma juu ya sahani, uuguse na moto wa kiberiti. Hariri huungua polepole, huelekea kuzimika yenyewe ukiondoa moto, hunuka nywele zilizoungua na huacha jivu jeusi linalosagika kwa kidole. Reyoni hushika moto haraka, hunuka karatasi iliyoungua na huacha jivu laini. Poliesta huyeyuka na kugeuka kishanga kigumu kisichosagika. Kwa unavyoeleza, kukakamaa na rangi kuondoka kwa mfuo mmoja, nadhani utapata harufu ya nywele. Poliesta haikasiriki upesi hivyo.

Sasa kosa. Jua lina sehemu yake, lakini kosa kubwa lilitokea kabla hujafika kwenye kamba, pale sabuni ya mche ilipokutana na maji ya kisima.

Angalia ndani ya birika lako la kuchemshia chai. Kama ni la siku nyingi, chini kuna ukoko mweupe unaobanduka kama ganda la yai. Ukoko huo ni chokaa iliyokuwa imeyeyuka majini. Maji ya visima vya huku kati hupita ardhini muda mrefu na kubeba kalsiamu na magnesiamu, na sehemu nyingine hubeba na chumvi yenyewe, ile unayoisikia ulimini. Kitabuni huitwa maji magumu, sisi kwa mazoea tunasema tu maji ya chumvi. Sabuni ya mche ikiingia humo, kabla haijatoa povu hukamatana na ile kalsiamu na kuwa kitu kingine kabisa: utandu wa kijivu, unaonata, usioyeyuka. Ndio ule unaobaki ukingoni mwa beseni kila siku ya kufua. Kwenye shuka la pamba huuoni sana. Kwenye hariri, ambayo uzi wake ni mwembamba kuliko unywele, utandu huo huzishikamanisha nyuzi, na ndipo kitambaa kinakuwa karatasi. Ukisuuza tena kwa maji yaleyale huku sabuni haijaisha, unauongeza.

Halafu kuna tabia ya sabuni yenyewe. Ina ukali wa magadi. Hariri hutoka kwenye kifukofuko cha kiwavi, ni protini kama nywele zako, na protini haipatani na magadi. Uzi huvimba, hupoteza mng'ao na huiachia rangi. Kwa hiyo zambarau ilianza kulegea ndani ya beseni, na jua likaikuta hivyo, ikiwa imelowa na ina magadi.

Ukitaka kuona ninachosema, chukua chupa safi ya maji ya kunywa, tia maji yako ya kisima hadi nusu, kwangulia humo sabuni ya mche kiasi cha ukucha wa kidole kidogo, funga, tikisa kwa nguvu. Yakigeuka kama maziwa, povu likawa kidogo na vipande vikaelea juu, hayo ni magumu. Chukua chupa nyingine, fanya hivyohivyo kwa maji ya mvua, na povu litajaa hadi kwenye kizibo. Fanya jaribio hili hata kwa maji ya dukani, kwa sababu baadhi ya maji ya chupa huongezwa madini. Jaribu kwa sabuni ya mche tu. Shampuu hutoa povu kwenye maji yoyote, haitakwambia kitu.

Na hapo ndipo ulipo ufumbuzi wa nusu ya tatizo lako. Kwa sababu shampuu haikamatani na chokaa na kuwa utandu, ndiyo ninayoitumia kwa hariri. Iwe shampuu ya kawaida ya nywele, inayoonekana wazi kama maji, isiyochanganywa na mafuta wala kilainisho. Sabuni ya unga hapana: nyingi zina magadi, na zile zenye vimeng'enya vya kuondoa madoa hula protini, nazo hazitofautishi doa la damu na hariri yenyewe. Jiki usiilete hata karibu na beseni. Klorini huyeyusha hariri. Hiyo si namna ya kusema, ukiloweka uzi wa hariri ndani ya jiki mbichi utautafuta usiuone.

Kuhusu maduara sasa, maana hayo ndiyo yanayowasumbua wengi, hata wasiotumia sabuni ya mche.

Miaka ya nyuma, nikiwa bado najifunza kazi, mteja alinipa mtandio wa hariri wa rangi ya maziwa wenye tone moja la chai. Nikajiona mjanja: nikalowanisha kitambaa, nikafuta lile tone tu. Chai ikatoka vizuri. Baada ya muda mfupi pakatokea duara la ukubwa wa kisosi, lenye ukingo wa kahawia. Nikalifuta duara nalo, likatokea lingine kubwa zaidi, sasa ukubwa wa sahani. Nikaleta mashine ya kukaushia nywele ili kuyawahi maji, na ukingo ukakolea. Fundi aliyekuwa akinifundisha alinitazama hadi nilipochoka, kisha akauchukua mtandio wote akauzamisha kwenye beseni.

Kilichokuwa kikitokea ni hiki. Maji kwenye kitambaa hayakai mahali pamoja. Hutambaa kutoka palipolowa kwenda palipo pakavu, na katika kutambaa huzoa kila kinachoyeyuka: vumbi, jasho, manukato, rangi kidogo, na chumvi iliyomo kwenye maji yenyewe. Ukingoni, panapokutana mbichi na kavu, ndipo maji hukauka kwanza, na mzigo wote hutuliwa hapo. Duara ni mpaka ambapo maji yalisimama. Ukilowanisha sehemu, lazima utengeneze mpaka. Ukilowanisha kitambaa kizima kwa wakati mmoja na kukikausha chote kwa mwendo mmoja, hakuna mpaka.

Dodoma kukausha kwa mwendo mmoja ndiko kugumu. Julai hadi Septemba hewa hapa ni kavu na upepo hauna adabu. Mtandio ukining'inia kwenye kamba nje, sehemu ya juu inakauka huku maji yakiteremkia chini. Upande unaopigwa na upepo unakauka, uliojikunja bado mbichi. Kila panapokutana hali hizo mbili, chumvi inajiandika. Ndiyo hiyo ramani yako. Ukitazama vizuri utaona michirizi mingine inaanzia pale ulipobana vibanio.

Basi tuuokoe. Kwanza tujue weupe ule ni utandu au ni uzi uliochubuka. Tandika kitambaa cheusi, uweke mtandio juu yake, ukwangue duara moja taratibu kwa ukucha. Ukiona vumbi jeupe limeanguka kwenye kitambaa cheusi, shukuru, huo ni utandu na chumvi, unatoka. Kama halianguki kitu, ila ukiinua kwenye mwanga unaona malaika kama ya pichi, hapo uliufikicha ukiwa umelowa na nyuzi zimechanika juujuu. Hizo hazirudi.

Pili, pima kama rangi inachuja. Lowanisha kipande cha pamba nyeupe kwa maji yenye tone la shampuu, kibandike kwenye kona ya zambarau, weka kikombe juu yake, hesabu dakika tano. Pamba ikitoka nyeupe au na kivuli hafifu tu, endelea. Ikitoka na zambarau iliyokolea, fuata hatua hizihizi lakini kila maji yawe ya dakika moja, usiuache ujikunje juu ya pindo jeupe, na usiondoke kwenda kupokea simu. Wengi watakwambia uloweke kwenye chumvi na siki ili rangi ishike. Kwa rangi iliyowekwa kiwandani, chumvi ya jikoni haishikilishi kitu, na sisi huku chumvi tunayo ya kutosha kwenye maji. Siki ina kazi yake, lakini ni nyingine.

Maji. Utahitaji takriban lita 20 kwa jumla, na si lazima yote yawe mazuri. Hapa ndipo watu wanapopoteza pesa: wananunua maji ya chupa ya kufulia, halafu wanasuuzia ya kisima. Fanya kinyume chake. Maji ya mwisho kwenye kitambaa ndiyo yanayoacha alama, kwa hiyo maji mazuri yahifadhi kwa ajili ya mwisho, lita 4 zinatosha. Mvua zikiwepo, Desemba hadi Aprili, kinga maji ya bati baada ya dakika za kwanza kuosha vumbi, uyaweke kwenye ndoo ya plastiki. Usiyaweke kwenye tangi jipya la saruji, kwa sababu saruji huyarudishia chokaa uliyokuwa unaikimbia. Kiangazi, nunua chupa tatu za lita moja na nusu, baada ya lile jaribio la povu. Kuchemsha maji ya kisima kunasaidia kiasi: chokaa hujishika kwenye sufuria, ukiyaacha yapoe na kuyamimina taratibu, yanakuwa na unafuu. Chumvi ya ulimini hata hivyo haichemki ikaondoka. Na tafadhali, wako wanaokwenda gereji kuomba maji ya betri kwa sababu wamesikia hayana madini. Ndani ya dumu linaloitwa hivyo mara nyingine ni tindikali kali ya betri, ambayo itakula mtandio na mikono yako.

Beseni la kwanza: lita 4 za maji ya kisima, baridi ya kawaida, na vijiko vitatu vya chakula vya siki nyeupe. Chagua nyeupe, ya kahawia ina rangi yake. Koroga kwanza, ndipo uingize mtandio ukiwa umekunjuliwa, uusukume wote chini ya maji mara moja ili pasiwe na sehemu inayolowa nyuma ya nyingine. Dakika kumi, ukiugeuza polepole mara mbili tatu. Siki huutenganisha ule utandu: kalsiamu inaingia majini na kuondoka, lakini mafuta yaliyokuwa kwenye sabuni yanabaki juu ya uzi. Ndiyo maana wanaoishia kwenye siki hulalamika kuwa kitambaa kimelainika ila kinateleza kama kimepakwa mafuta ya nazi.

Kwa hiyo beseni la pili ni la kuyaondoa hayo mafuta. Lita 4 za maji, kijiko kimoja cha chai cha shampuu, koroga hadi isionekane. Zamisha, kisha fanya kama unayebonyeza sifongo: bonyeza, achia, bonyeza, achia, dakika tatu hadi tano. Usifikiche, usisugue pindo kwa pindo. Hariri iliyolowa huchubuka kirahisi, na michubuko hiyo ndiyo ule weupe usiotoka niliokutajia. Maji yakichukua zambarau kidogo usitishike. Yakikolea, toa upesi uende hatua inayofuata.

Suuza mara mbili kwa maji ya kisima hadi povu liishe, kila mara ukiuinua kwa mikono miwili kutoka chini, si kwa kuuvuta kona. Halafu yale maji yako mazuri, lita 4, na kijiko kimoja tu cha chakula cha siki. Dakika mbili. Siki hii ya mwisho ni ya kuondoa mabaki ya ukali wa sabuni na kurudisha uzi kwenye hali yake, kwani hariri hupenda uchachu kidogo, na mng'ao wake huonekana tena. Usijali harufu, ikikauka huisikii.

Sasa usiukamue. Tandika taulo nyeupe nene mezani, lisiwe jipya la rangi, ulaze mtandio juu, uweke taulo jembamba au kanga nyeupe juu yake ili zambarau na jeupe zisigusane, ukunje kama mkeka na ubonyeze kwa viganja toka mwanzo hadi mwisho. Kunjua, hamishia taulo kavu, rudia. Hatua hii wengi huiruka wakidhani ni ya kuharakisha kukauka. Kazi yake hasa ni kuondoa chumvi. Mtandio ukibaki na kikombe kizima cha maji, chumvi yote ya kikombe hicho itakaukia humo. Ukitoa robo tatu kwa taulo, robo tatu ya chumvi imekwenda na taulo.

Ukauke ndani ya nyumba. Funga dirisha la upande wa upepo, zima feni, ulaze juu ya taulo kavu mezani au kitandani, unyooshe pindo kwa vidole. Baada ya nusu saa hivi, kiangazi hata mapema kuliko hapo, utaufikia ukiwa na ubichi wa sawasawa, kama nguo iliyolala nje usiku wa umande. Hapo ndipo pa kupiga pasi: moto wa chini kabisa, upande wa ndani, kitambaa cha pamba kavu katikati, pasi ikitembea bila kusimama. Ukiukausha kwa pasi namna hii, maji hayapati muda wa kutambaa popote. Kama unatumia pasi ya mkaa, ipulizie majivu nje kwanza na ijaribu kwenye kanga. Tone la jivu kwenye hariri mbichi ni magadi matupu.

Ukichelewa ukakuta umekauka, usiunyunyizie maji kwa vidole kama tunavyofanya kwa suruali za shule. Kila tone litakuwa duara. Uviringishe ndani ya taulo lililoloweshwa kwa maji mazuri na kukamuliwa sana, uuache saa moja, ubichi utaingia pole pole kila mahali kwa usawa.

Kama katika hatua yoyote zambarau itaingia kwenye pindo jeupe, sheria ni moja: usiuache ukauke. Rangi iliyohama ikiwa mbichi bado haijakaa. Rudisha kwenye maji baridi mengi yenye matone ya shampuu, uchezeshe bila kuacha, badilisha maji kila yanapochafuka, hata mara sita. Ikikauka, pindo la waridi utakuwa nalo.

Niliuokoa wa namna hii mwaka jana, wa kijani, uliofuliwa mara nne kwa sabuni ya mche. Mzunguko wa kwanza wa siki na shampuu ulitoa maduara lakini ukabaki mzito mkononi. Niliacha siku mbili, nikarudia mzunguko mzima, ndipo ukaanguka begani kama unavyotakiwa. Wako umefuliwa mara moja tu, naona mzunguko mmoja utatosha. Ukikwangua tena baada ya kukauka na vumbi halipo, lakini bado ni mkavu, rudia mara moja zaidi kisha uache. Ukavu unaobaki hapo si utandu tena, ni uzi ulioumizwa na magadi.

Reyoni yako isikuogopeshe, ila usiishike kama hariri. Imetengenezwa kwa rojo la mbao, ni ndugu wa pamba, haina ugomvi mkubwa na magadi. Udhaifu wake ni maji yenyewe. Ikilowa hupoteza karibu nusu ya nguvu zake, huvimba na kukakamaa kama boksi. Mara ya kwanza unadhani umeiua. Hujaiua, ikikauka inalainika, ila wakati imelowa ndiyo inayochanika kwa kuvutwa kona moja. Mimi huiweka ndani ya chujio kubwa la plastiki, nazamisha chujio na kuliinua nalo, ili uzito wa maji usibebwe na nyuzi. Shampuu ileile, dakika tatu, maji ya mwisho mazuri kama ya hariri, na taulo.

Kabla ya kuilowesha ipime urefu na upana kwa futi ya fundi, uandike. Reyoni hupenda kusinyaa. Ikiwa bado na ubichi kidogo ilaze kwenye taulo, uivute kwa viganja vilivyofunguliwa, taratibu kutoka katikati kwenda nje, hadi ifikie vipimo vyako, kisha pasi ya moto wa chini hadi wa kati, upande wa ndani. Kama ni ile yenye mikunjo midogo midogo kama ngozi iliyokaa majini, usiifue nyumbani. Hiyo husinyaa hata robo, na hakuna mikono itakayoivuta irudi bila kuuharibu huo mkunjo. Ipeleke drai klina.

Kufifia kwa zambarau nimekuachia mwisho makusudi. Sehemu ya kufifia unakokuona sasa ni ukungu wa utandu juu ya rangi, huo utaondoka na utaona mtandio umekolea. Iliyoliwa na jua haitarudi. Namna ya kujua ni ipi, ukishamaliza kazi funua zambarau iliyokunjwa ndani ya mshono, mahali jua halikufika, ulinganishe na katikati. Tofauti ikiwa ndogo, vaa. Ikiwa kubwa, angalia upande wa pili wa kitambaa: kwenye kamba, upande mmoja ndio ulioungua zaidi, na mwingine huenda una zambarau ya kutosha kugeuzwa ukawa wa nje.